Sura ya Tano: Sahani Tatu za Biriani

Ijumaa moja mjini Mombasa nilitoka mkahawani na hasira, nikaketi barazani kwa shangazi yangu na kuandika maneno kumi kwenye simu: "Biriani mbaya. Huduma mbovu. Nimesubiri saa nzima. Pesa nimetupa. Msiende." Nilikuwa karibu kuyatuma yasomwe na kila anayetafuta pa kula Mji wa Kale. Shangazi, ambaye amepika biriani za harusi tangu mimi mtoto, aliomba nimsomee kwanza.

"Mbaya vipi, mwanangu?" akauliza. "Wali au rojo?"

Nikasema vyote viwili.

"Wali ulikuwa mbichi, au umevurugika, au umepoa? Rojo lilikuwa chachu, au chungu, au halina chumvi? Na nyama je, umepewa pande gani?"

Sikuweza kumjibu hata moja. Nilikuwa nimekula sahani nzima, nimelipa shilingi 650, na nilichokumbuka saa ile ni kwamba nilikasirika. Shangazi akanirudishia simu. "Hapo hujasema kitu. Umenung'unika tu. Mtu akikusoma hajui aagize nini, na mpishi akikusoma hajui arekebishe nini."

Mkahawa huo sitautaja jina, kwa kuwa nia ya sura hii si kuuhukumu. Nia ni kueleza jinsi maneno yale kumi yalivyogeuka kuwa tathmini ambayo leo naweza kuisimamia mbele ya mpishi mwenyewe. Ilinichukua kurudi pale mara mbili zaidi, na somo kubwa nililopata ni la kutenganisha tukio na tabia. Tukio ni lililonipata mimi siku moja. Tabia ni lile ambalo litampata na yule atakayekwenda wiki ijayo. Msomaji wa tathmini anataka kujua tabia, ilhali mwandishi mwenye hasira humsimulia tukio na kuliita tabia.

Mashahidi waliomo simuni

Kabla ya kurudi nilitaka kujua nilichokuwa na uhakika nacho kuhusu ile Ijumaa. Kumbukumbu ya mtu mwenye njaa haiaminiki, hasa kwa habari ya saa. Bahati nzuri, siku hizi kila mlo huacha alama. Risiti ilionyesha kwamba oda yangu iliingizwa saa 7:28 mchana. Picha niliyoipiga sahani ilipowekwa mezani ilikuwa ya saa 8:16. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo ulikuwa wa saa 8:50.

Kwa hiyo sikusubiri saa nzima. Nilisubiri dakika 48 tangu kuagiza. Bado ni nyingi, lakini si sitini, na mwenye mkahawa akiwa na risiti yake mkononi angenikamata papo hapo kwa uongo huo mdogo. Akishanikamata kwa dakika kumi na mbili, nani ataniamini kuhusu nyama?

Risiti ilinikumbusha jambo la pili. Saa 7:28 siku ya Ijumaa, Mji wa Kale, ni wakati ambao misikiti inatoka. Nilikuwa nimeingia pamoja na nusu ya mtaa. Hilo halifuti dakika 48, ila linanilazimu niziandike pamoja na saa yake. "Nilisubiri dakika 48" ni lalamiko. "Nilisubiri dakika 48 Ijumaa baada ya sala" ni habari, kwa sababu msomaji anaweza kuitumia: ataamua aende saa sita, au aende Jumatano.

Picha nayo ilinisaidia kwa chakula. Ukiikuza unaona wali wa rangi tatu, vipande vitatu vya nyama, kimoja kikubwa kuliko viwili vingine, nusu kiazi, na rojo jekundu sana lisilo na mafuta pembeni. Wakati ule sikujua kwamba wekundu ule na ukosefu ule wa mafuta vilikuwa na maana. Shangazi aliuona mara moja.

Kuisoma sahani

Jumanne iliyofuata tulikwenda naye. Njiani alinieleza biriani ya Pwani inavyojengwa, kwa sababu huwezi kusema kosa liko wapi kama hujui kazi ilipitia wapi.

Biriani yetu ni vyungu viwili vinavyokutana sahanini. Katika chungu cha kwanza mna rojo. Nyama ya mbuzi yenye mifupa hulazwa kwenye mtindi, tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi lililosagwa ili ilainike. Vitunguu vingi hukatwa vyembamba na kukaangwa mpaka viwe vya kahawia na vikavu, kisha huvunjwavunjwa na kuingizwa humo pamoja na nyanya, nyanya ya kopo na bizari. Rojo hupikwa pole pole mpaka mafuta yajitenge na kuelea pembeni. Katika chungu cha pili mna wali. Mchele wa basmati hurowekwa, huchemshwa kwenye maji mengi yenye chumvi na viungo vizima kama iliki na mdalasini, na humwagwa maji ukiwa bado na kiini kigumu kidogo. Hunyunyiziwa samli na zafarani au rangi, hufunikwa, na humalizikia kwa mvuke. Jikoni kwa shangazi bado wanapalia makaa juu ya kifuniko.

"Basi kila kosa lina mlango wake," akasema. "Rojo likiwa chungu, vitunguu viliungua. Likiwa chachu na jekundu sana, nyanya haijaiva, mtu alikuwa na haraka. Nyama ikiwa kama uji, papai limezidi au limekaa sana. Nyama ikivutana, haijakaa motoni vya kutosha. Wali ukishikana, ulichelewa kumwagwa maji."

Sahani ilikuja baada ya dakika 15. Shangazi hakuanza kula. Aligusa wali kwa upande wa nje wa vidole akapima joto, akachukua punje moja akaibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikakatika mara mbili bila kupondeka. "Wali wamejua," akasema. Akaonja rojo peke yake, bila wali, kwa kuwa wali huficha uchachu na chumvi. Akanyamaza kidogo. "Nyanya." Kisha akavuta nyama kwenye mfupa. Ilitoka yenyewe, ingali na nyuzi zake. Akasema nyama haina kasoro.

Nilimuuliza kuhusu rangi ya wali. Manjano yake yalikuwa sawasawa kama ya kuchora, na hayakuwa na harufu yoyote. Zafarani ya kweli huacha madoa yasiyolingana, mengine ya dhahabu, mengine yamekolea kuelekea machungwa, na unaisikia harufu yake hata kabla ya kutia mkono. Hii ilikuwa rangi ya unga. Nikataka kuandika kwamba wanawadanganya wateja.

"Wamekwambia ni zafarani?" akauliza.

Nikatazama orodha ya vyakula iliyobandikwa ukutani. Ilisema "Biriani ya mbuzi, 650". Basi.

"Kwa mia sita na hamsini unataka zafarani? Zafarani ndicho kiungo ghali kuliko vyote. Wangekuwekea, ungelipa elfu na zaidi."

Hapo nilipata kanuni ambayo sijaiacha tangu siku hiyo: pima chakula kwa ahadi yake na bei yake. Kama mkahawa umeandika zafarani na ukaleta rangi, sema, tena kwa nguvu. Kama haukuahidi, unaweza kumjulisha msomaji kwamba ni rangi, lakini si haki kuifanya shtaka. Vivyo hivyo kwa kiti cha plastiki, kwa feni badala ya kiyoyozi, kwa kula bila kitambaa cha meza. Hayo ni maelezo ya mahali, si makosa ya mahali.

Walipotutambua

Jumanne ile ilikuwa na dosari moja, na haikuwa ya mkahawa. Tulipokuwa katikati ya kula, mpishi alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa amewahi kumsaidia shangazi kwenye harusi. Akamwamkia kwa heshima, wakaulizana habari za nyumbani, na muda si muda ikaja sahani ya achari ya embe ambayo hatukuagiza, na bilauri mbili za juisi ya ukwaju "za nyumbani". Nikaangalia tena sahani zetu. Vipande vya nyama vilikuwa vinne, si vitatu, na vilikuwa vya kulingana. Labda mpishi alikuwa amemwona shangazi tangu tulipoingia. Labda Jumanne huwa hivyo. Sikuwa na njia ya kujua.

Watu wa kazi hii wamelijua tatizo hili zamani. Mwaka 1993 Ruth Reichl, aliyekuwa mhakiki wa mikahawa wa gazeti la New York Times, alikwenda mara kadhaa kwenye mkahawa wa kifahari wa Le Cirque jijini New York. Alikwenda akiwa amejibadilisha kwa nywele za bandia na nguo za mtu wa kawaida, na alikwenda pia akiwa yeye mwenyewe, akatambulikana. Katika tathmini yake alieleza namna mbili alizopokewa, mgeni asiyejulikana na mgeni anayeogopwa, na mkahawa ukashuka kutoka nyota nne hadi tatu. Wengi walikumbuka ushujaa wa nywele za bandia. Mimi huona la maana zaidi ni kwamba hakuficha kimojawapo: alimwonyesha msomaji mapokezi yote mawili, ndipo akahukumu.

Sisi wengine hatuhitaji nywele za bandia, kwani hatujulikani na mtu. Ila tunajulikana kwa njia nyingine: mwenye mkahawa ni jirani, mhudumu ni mtoto wa rafiki, au shangazi yako alimfundisha mpishi kukaanga vitunguu. Kuna njia mbili za haki. Ya kwanza ni kutamka: "Siku hii mpishi alimjua niliyekuwa naye, na tulipewa juisi bure." Ya pili ni kutoihesabu siku hiyo kwa mambo yanayoweza kupendelewa. Mhudumu akikujua anaweza kukuongezea nyama, kukuharakishia sahani na kukutabasamia. Hawezi kukubadilishia rojo lililopikwa tangu asubuhi kwenye chungu kimoja na la watu wote. Kwa hiyo kutoka Jumanne nilichukua ladha ya rojo na uivaji wa wali. Ukubwa wa nyama, kasi na ukarimu niliviacha.

Kuhusu juisi zile, tulimshukuru mpishi, na wakati wa kulipa nikamwomba mhudumu aziingize kwenye hesabu. Shangazi aliona ni utovu wa adabu kukataa karama ya mtu, na kwa mila zetu ana haki. Ningekuwa nimekwenda kula tu, ningezipokea. Lakini nilikwenda nikijua nitaandika, na mpishi hakujua.

Ijumaa ya pili

Nilirudi peke yangu Ijumaa nyingine, safari hii saa sita u nusu, kabla ya sala. Nilitaka siku ileile yenye chungu kikubwa, ila bila msongamano. Niliagiza saa 6:34. Sahani ilifika saa 6:46, dakika 12. Sikuondoka haraka. Niliagiza chai nikakaa mpaka saa nane kasoro, nikaitazama ile saa iliyonikasirisha mara ya kwanza ikijirudia mbele yangu.

Ndipo nikaelewa dakika zangu 48 zilikwenda wapi. Biriani ilikuwa imeshapikwa, hakuna kilichosubiriwa motoni. Tatizo lilikuwa kaunta. Mtu mmoja tu alikuwa akipakua, na mbele yake palikuwa na mistari miwili: wahudumu wawili wenye oda za meza, na watu waliotoka msikitini na mabakuli na hotpoti za kubeba nyumbani. Wale wa kubeba walikuwa wamesimama, wanaongea, wanamwita mpakuaji kwa jina. Wa mezani walikuwa wamekaa kimya. Mpakuaji aliwamaliza waliosimama kwanza. Nilihesabu meza kumi na nne. Wahudumu walikuwa wakikimbia kweli, na mmoja alikuwa kijana mdogo aliyelowa jasho mgongo mzima.

Kama ningetuma maneno yangu kumi, "huduma mbovu" ingemwangukia kijana yule. Naye hakuwa na kosa kwenye kusubiri kwangu. Kosa lake lilikuwa dogo na la aina nyingine: nilipomuuliza mara mbili siku ile ya kwanza, mara zote alijibu "inakuja". Angeniambia "kuna watu wengi, itachukua kama nusu saa", ningeagiza maji nikatulia, au ningeondoka kwa amani. Hilo ndilo lililostahili kuandikwa, nalo linarekebishika bila kuajiri mtu.

Chakula cha Ijumaa ya pili kilinipa ushahidi uliobaki. Wali ulikuwa wa moto na uliochambuka. Ndipo nikakumbuka kwamba wa siku ya kwanza ulikuwa umepoa. Basi ulipoa kwa kukaa kaunta, na hilo ni tukio la msongamano. Rojo lilikuwa chachu tena, jekundu tena, bila mafuta pembeni. Mara tatu kati ya tatu: hiyo ni tabia. Nyama ilikuwa na habari yake. Vipande viwili vidogo vilikuwa laini, na kimoja kikubwa karibu na mfupa wa paja kilivutana mpaka nikakiacha. Nilipoitazama tena picha ya siku ya kwanza nikaona mpangilio uleule, kikubwa kimoja na vidogo viwili. Nyama hukatwa bila kulingana na yote hutiwa chunguni pamoja, vidogo huiva na vikubwa hubaki nyuma. Kwa hiyo sikuandika "nyama ngumu". Niliandika vipande gani.

Jambo la mwisho nililoliona ni bomba la kunawia. Mara mbili za kwanza palikuwa na maji na sabuni. Mara ya tatu maji yalikuwepo, sabuni ilikuwa imekwisha. Nilimwambia mhudumu, akaleta kipande kipya bila kununa. Niliyaandika yote mawili, kukosekana kwake na kuletwa kwake.

Yaliyobaki nje

Usiku wa Ijumaa ile ya pili tumbo lilinichafuka. Ningekuwa mtu wa maneno kumi, ningejua cha kuandika. Hakuna sentensi inayoua mkahawa haraka kuliko "nilikula pale nikaharisha".

Lakini mlo wa mwisho ndio hushukiwa daima, na mara nyingi hauna hatia. Sumu ya bakteria aina ya stafilokoka hufanya kazi upesi, kuanzia nusu saa hadi saa nane baada ya kula. Norovirusi kwa kawaida huchukua saa 12 hadi 48. Salmonela huweza kuchukua saa sita, na huweza kuchukua siku sita. Katika siku sita nilikuwa nimekula nyumbani, kwa shangazi, kwenye kibanda cha mihogo na kwenye tafrija moja ya uchumba. Nilikuwa peke yangu kule mkahawani, hivyo hapakuwa na mwenzangu wa kumuuliza kama naye aliugua. Watu kadhaa wakiugua baada ya kula chungu kimoja, hiyo ni dalili nzito, na pa kuipeleka ni kwa afisa wa afya ya umma, ambaye anaweza kuingia jikoni na kuchukua sampuli. Mimi nilikuwa na tumbo moja na usiku mmoja. Sikuandika neno.

Niliacha na jingine. Siku ya Jumanne nilikuwa nimeona punje za juu za wali zimekauka kidogo, nikaandika kwenye daftari "kiporo cha jana". Shangazi alilikata neno hilo. Wali wa leo ulioachwa wazi kwa nusu saa hukauka juu vilevile, akasema, na mimi sikuwako jikoni. Rojo, kwa upande mwingine, wapishi wengi huona linanoga zaidi likilala, kwa hiyo hata neno lenyewe si tusi kwa kila kitu. Niliandika nilichokiona: punje za juu kavu. Kila mara ninapojikuta nimeandika sababu badala ya jambo, hujiuliza kama nilikuwapo sababu hiyo ilipotokea. Foleni ya kaunta niliishuhudia, nikaiandika. Usiku wa jana wa chungu kile sikuushuhudia.

Nyota tatu

Mwishoni unatakiwa kutoa nyota, na hapo ndipo wengi huzirusha kama njugu. Mwaka 2011 mchumi Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza mikahawa ya jiji la Seattle na kukuta kwamba nyota moja zaidi kwenye mtandao wa tathmini wa Yelp iliongeza mapato kwa asilimia tano hadi tisa, na kwamba ongezeko hilo lilikuwa kwa mikahawa inayojitegemea, si ile yenye matawi mengi yanayojulikana tayari. Mkahawa wa Mji wa Kale si wa Seattle, lakini ni wa kujitegemea. Nyota yangu moja kati ya nyota za watu wengi haina uzito huo, ila nikiirusha kwa hasira nimechangia.

Mimi huzitoa kwa swali moja: je, nitarudi kwa pesa yangu? Moja ni kwamba sitarudi na nitamzuia rafiki. Mbili, sitarudi. Tatu, nitarudi kwa masharti, na nitayataja. Nne, nitarudi bila masharti. Tano, nitampeleka mgeni wangu. Hasira yangu ya siku ya kwanza ilikuwa ya nyota moja. Baada ya sahani tatu, jibu lilikuwa wazi, kwa kuwa nilikuwa nimeshajua masharti yenyewe. Hii ndiyo tathmini niliyoituma:

"Nimekula hapa mara tatu mwezi huu, Ijumaa mbili na Jumanne moja, na nimelipa kila mara. Jumanne mpishi alimjua niliyekuwa naye, hivyo siku hiyo siihesabu kwa huduma.

Biriani ya mbuzi, shilingi 650. Wali umepikwa vizuri mara zote tatu: punje ndefu, zimechambuka, na iliki inasikika. Jumanne punje za juu zilikuwa kavu kidogo. Rangi ni ya unga, si zafarani, na bei inalingana na hilo. Rojo ndilo udhaifu: mara zote tatu lilikuwa chachu kwa nyanya, kama lililotolewa motoni mapema. Nyama, vipande vidogo ni laini, kikubwa nilichopewa Ijumaa ya pili kilivutana. Omba vidogo. Kachumbari ni mbichi na pilipili ya ukwaju ni nzuri kuliko nyingi nilizoonja mjini.

Ijumaa baada ya sala nilisubiri dakika 48, na wali ukafika umepoa. Anayepakua ni mmoja, na wanaobeba nyumbani huhudumiwa kabla ya waliokaa. Niliuliza mara mbili nikaambiwa 'inakuja'. Ningependa kuambiwa muda. Ijumaa nyingine kabla ya sala, dakika 12 tu. Wahudumu ni wapole hata wanapozidiwa. Siku moja sabuni ilikwisha kwenye bomba, nikasema, ikaletwa mara moja.

Jikoni sikuingia, silisemei. Nyota tatu. Nenda kabla ya saa saba, au uchukue ya kubeba."

Shangazi alisomewa na hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja: "Mwezi gani?"

Nilikuwa nimeandika "mwezi huu" bila kusema upi. Nikaongeza mwezi na mwaka. Aliniambia mpishi yule hawezi kukaa pale milele, wapishi wazuri wa wali hunyakuliwa na hoteli kubwa, na siku atakapoondoka sifa zangu za wali zitakuwa za mtu ambaye hayupo.

Miezi minne baadaye nilipita tena, siku ya kawaida, na njaa ya kawaida. Bei ilikuwa 700. Kaunta ilikuwa na wapakuaji wawili. Rojo lilikuwa na duara la mafuta pembeni na halikuwa chachu, na wali ulishikana. Nilimuuliza mhudumu, akasema mpishi aliondoka mwezi uliopita, amekuja mwingine. Nikaketi barazani kwa shangazi, nikafungua tathmini yangu ya zamani na kuongeza chini yake tarehe mpya na mistari mitatu. Nyota sikuzigusa. Nilikuwa nimekula sahani moja tu.